Nukta Nne

Simu ya Abdulazizi iliwaka yenyewe juu ya meza yangu, Jumamosi ile, wakati yeye amekwenda kuswali adhuhuri.

Aliiacha dukani kwangu ichaji, kama alivyozoea kila akishuka mjini kutoka Rungwa. Kule porini anakonunua asali hakuna umeme, na mtandao wenyewe mpaka upande juu ya kichuguu. Mimi nilikuwa napima mafuta ya alizeti kwenye chupa. Sikuwa na nia mbaya, Mungu ni shahidi. Kioo kiliwaka, jicho likaenda.

Jina lilikuwa Emiliana. Meseji ilikuwa neno moja tu.

*umefika*

Najua kusoma simu ya mtu ni kuingia nyumbani kwake bila hodi. Nilifundishwa hivyo na marehemu mama yangu, na madrasa walinifundisha hivyo hivyo. Nikaweka chupa chini, nikajifuta mikono kwa kanga, nikaishika ile simu. Haikuwa na kufuli. Nikapandisha meseji kwa kidole, nikaanza kuzisoma.

Za wiki iliyopita zilikuwa hivi. Emiliana kaandika *umefika*. Abdulazizi kajibu *hapana nimeliwa na simba*. Emiliana, *pole*. Abdulazizi, *asante asali iko salama*. Emiliana, *hilo ndilo la muhimu*.

Nikaenda juu zaidi. Zote zilikuwa namna hiyo. Hakuna herufi kubwa hata moja, hata kwenye jina la mtu. Hakuna nukta, hakuna mkato, hakuna alama ya kuuliza. Maneno yamelala kama watu waliolala kwenye mkeka mmoja, kila mtu miguu anakotaka.

Nikairudisha simu pale pale, waya ukitazama kule kule ulikokuwa. Kisha nikaichukua ya kwangu, nikafungua meseji alizonitumia mimi.

*Assalam alaykum, Mwantum. Nimefika salama. Kesho nitakwenda kwa warina asali. Naomba dua zako. Abdulazizi.*

Na nyingine. *Mwantum, nimepokea salamu zako. Nimefurahi sana. Abdulazizi.*

Mwezi mzima nilikuwa nazisoma kabla ya kulala, nikiziona nzuri. Siku ile niliziona kama barua za kuomba kazi.

Alirudi kutoka msikitini, kofia bado kichwani, akasimama mlangoni akinitazama kwa yale macho yake ya upole ambayo ndiyo yaliyonifanya nisahau kwamba mimi ni mjane wa miaka sita niliyejiapiza kutotazamwa tena.

"Mbona umenyamaza, Mwantum?"

"Napima mafuta."

"Chupa imejaa. Yanamwagika."

Kweli yalikuwa yanamwagika.

"Emiliana ni nani?" Nilitaka kumuuliza hivyo. Nikasema, "Simu yako imejaa chaji."

Akaichukua, akakitazama kioo, akatabasamu kidogo sana, upande mmoja wa mdomo. Tabasamu hilo mimi nilikuwa silijui. Akagusa-gusa mara mbili tatu, haraka, akaitia mfukoni.

"Kesho narudi Rungwa kumalizia mapipa ya mwisho," alisema. "Alhamisi niko hapa. Na Ijumaa baada ya swala, Mungu akipenda, wazee wangu watapeleka barua kwa kaka yako."

"Mungu akipenda," nikasema.

Barua yenyewe ilikuwa ya posa. Ndiyo maana nilikuwa naumwa.

*

Jumapili nilikwenda Unyambwa kwa kaka yangu Haji. Bintiye Rahma alikuwa likizo kutoka chuo cha Dodoma, na simu yake ya tachi haimtoki mkononi hata anaposonga ugali. Mwaka ule ndio zilikuwa zimejaa kila duka la mjini, na mimi nilikuwa na yangu ndogo ya kwanza, niliyoinunua kwa kulazimishwa na huyo huyo Rahma.

Nikamngoja akae peke yake uani. Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unavuma, tumejifunika vitenge mpaka masikioni.

"Rahma, mtu akiandika meseji yote kwa herufi ndogo, wala nukta haweki, ni kwamba hakusoma?"

Akacheka. "Shangazi, huyo kasoma sana. Hiyo ni staili."

"Staili ya nini?"

"Lete simu yako." Akaichukua, akafungua mahali pa kuandika. "Andika chochote."

Nikaandika neno *habari*. Herufi ya kwanza ikatoka kubwa yenyewe.

"Umeona? Simu hizi zinaweka herufi kubwa zenyewe mwanzo wa meseji. Ukiweka nukta na nafasi, inayofuata inapanda tena. Sasa ukimwona mtu kwenye simu kama hii anaandika ndogo kila siku, ujue aliingia huku kwenye mipangilio akaizima. Alitaka mwenyewe."

"Ili iweje?"

"Ili aonekane hana haraka, hana presha. Kama anaongea huku kaegemea ukuta. Halafu utani ndiyo unanoga. Mtu anakwambia jambo kubwa, kama vile amekufa, lakini kwa sauti ya kuagiza chumvi. Hachekeshi kwa nguvu, haweki hahaha. Uso mkavu. Wewe ndiye unayevunjika mbavu."

"Na swali lisilo na alama ya kuuliza?"

"Hilo ndilo kali zaidi. Ni kama anasema, jibu usijibu, shauri yako. Lakini anataka umjibu." Akanitazama kwa pembeni. "Shangazi, nani kakuandikia?"

"Hakuna aliyeniandikia mimi."

Alikuwa mtoto mwerevu, hakunichimba. Nikauliza lile lililonileta.

"Na anayekuwekea nukta?"

"Mzee akiweka, sawa, ndivyo alivyofundishwa. Lakini kijana mwenzako ukimwona kaandika *sawa* halafu nukta, ujue kakasirika. Ni kama mtu anatoka chumbani anafunga mlango."

Basi. Usiku ule na uliofuata nilikuwa nahesabu milango. Abdulazizi alinifungia milango mwezi mzima, na mimi nikamwona mstaarabu. Kwa Emiliana milango yote wazi, anaingia na simba wake anatoka. Na mimi hata panya hajawahi kuniletea.

Nilifunga Jumatatu, sunna. Nikamwomba Mungu aniondolee husuda moyoni. Jioni nikafuturu tende na maji, nikaikuta husuda bado imekaa.

*

Jumanne asubuhi kaka Haji akaja dukani. Hakukaa.

"Ijumaa si mbali," alisema. "Nataka kauli yako kabla Alhamisi haijaisha. Barua ikishaingia nyumbani kwangu, kuirudisha ni kuwaaibisha watu wazima. Kama hapana, nipeleke neno mapema wasije."

"Wewe unaonaje, kaka?"

"Mimi nimeshasema. Mtu anaishi porini na nyuki miezi minane, atakuwa na mambo gani huko nani ajuaye? Marehemu Sultani mumeo alikuwa hapa hapa mjini, tukimwona akitoka na akiingia. Huyu utamjulia kwenye simu?"

"Kwenye simu," nilisema polepole.

"Ndiyo. Basi nijibu."

Alipoondoka nikachukua simu. Nilifuata njia aliyonionyesha Rahma, nikaingia kwenye mipangilio, nikazima zile herufi kubwa zinazojiweka. Tangu darasa la saba sijawahi kuandika bila salamu mwanzo na jina langu mwisho. Mwalimu wetu alikuwa akisema barua bila jina ni jiwe lililorushwa usiku. Nikaandika hivi:

*njoo ijumaa au usije*

Nikaitazama. Ilionekana nzuri, baridi, kama mwanamke anayeegemea ukuta. Aone kwamba na mimi naweza. Nikatuma. Hasira ikanizidi, nikazima na simu yenyewe, nikaitupa kwenye boksi la sabuni.

*

Jumatano kabla ya adhuhuri, mwanamke mrefu aliingia dukani. Alivaa koti la kazi la rangi ya kaki lenye madoa ya asali, rozari ndogo shingoni, nywele zimebanwa nyuma. Mzuri. Nilitamani asiwe mzuri.

Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Mwantum?"

"Ndiye. Karibu."

"Hujafa?"

"Nini?"

"Nauliza kama hujafa."

"Sijafa."

"Haya." Akatoa simu mfukoni, akaandika kwa kidole kimoja, akanigeuzia kioo nisome alichotuma. *hajafa*

Ndipo nikajua ni nani. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Wewe ni Emiliana."

"Napima asali kwenye ghala la kule karibu na stendi. Nimeacha watu foleni." Hakucheka wala hakununa. Aliongea kama zile meseji, sauti haipandi wala kushuka. "Simu yako ina nini?"

"Nimeizima."

"Kwa nini?"

"Ni yangu."

"Sawa." Akavuta ndoo tupu ya mafuta, akaigeuza, akaikalia bila kukaribishwa. "Mwenzako jana jioni alipanda kichuguu akapata meseji yako. Nimempigia, anasema si wewe uliyeandika. Anasema aliyeandika hakusalimia na hakuweka jina, kwa hiyo ama simu imeibwa na wale wezi wanaotaka watu watume pesa, ama wewe unaumwa na mtu mwingine kaishika. Kapiga mara kumi na saba, hupatikani."

Nilipanga meza ambayo ilikuwa imepangwa.

"Ni wewe uliyeandika," alisema Emiliana. Hakuuliza.

"Ni mimi."

"Kwa nini uliandika hivyo?"

"Si ndivyo mnavyoandikiana nyie?"

Akanielewa, nikaona anaelewa, na nikatamani ardhi inimeze na chupa zangu zote.

"Ulisoma simu yake."

"Nilisoma. Ni dhambi, na nitaitubia. Lakini nimeona anakupa simba. Mimi hanipi hata sisimizi. Kwangu ni nukta, nukta, nukta."

Emiliana akashika tama. Nje mama mmoja aliuliza bei ya asali, nikamjibu, akaondoka.

"Aliniposa mimi," alisema. "Mwaka juzi."

Nilijua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua.

"Baba yangu akasema hapana, mtoto wake hatoki kanisani. Mimi sikubisha. Ningebisha, pengine. Sikubisha." Aliikwangua asali iliyokauka kwenye mkono wa koti kwa kucha. "Ilikuwa lazima tuonane ghalani kila msimu. Siku ya kwanza baada ya hapo akaleta mapipa, nikampimia, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Alipofika Rungwa nikamwandikia *umefika*. Hivyo hivyo, bila chochote. Ningeweka alama ya kuuliza angejua nimekaa macho. Akajibu *hapana nimekufa*. Nikajua tumeelewana."

"Mmeelewana nini?"

"Kwamba hakuna anayeumia. Ndiyo kazi yake ile, mama. Ukiandika vile, uso hauonekani. Mtu anaweza kuwa analia, herufi zinakaa chini tu, kimya. Mimi ndiye niliyemzimia zile kubwa kwenye simu yake, mkono wangu huu, ghalani, tulikuwa tunangoja mvua ipite."

Mkono wake, mvua, ghala, mwaka juzi.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ndiyo. Na hajaziwasha tena mpaka leo. Nimeiona simu yake wiki iliyopita. Sasa fikiri wewe mwenyewe. Simu haimwekei herufi kubwa. Zako anazitoa wapi?"

Nikalitupia jicho boksi la sabuni, ilimo simu yangu.

"Anabonyeza kile kimshale cha herufi kubwa," alisema Emiliana. "Kila moja. *Assalam*, anabonyeza. *Mwantum*, anabonyeza. Kwenye kichuguu, jua la saa nane, betri inakwisha. Nilimwona siku moja pale ghalani anakuandikia. Nikamwambia hiyo ni barua ya mkuu wa mkoa? Akasema yeye huandika hivi na mimi namjibu hivi hivi."

"Yeye nani?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyeanza na salamu na jina. Akasema mtu akikukaribisha na kiti huwezi kukaa chini." Alisimama, akairudisha ndoo mahali pake. Kisha akaingiza mkono mfukoni tena. "Halafu kuna hii. Sikutaka kukuonyesha."

Akanionyesha. Meseji ilikuwa ya saa nne asubuhi ile.

*Emiliana. Nenda dukani kwa Mwantum sasa hivi. Simu yake haipatikani. Nijibu tafadhali.*

"Hesabu," alisema.

Nikahesabu.

"Miaka miwili hajaniwekea nukta hata moja. Hata siku mama yake alipofariki aliniandikia *mama katutoka nakuja jumatatu*. Nikajua ameshika uso wake kwa mikono miwili usidondoke. Leo kaweka nne." Sauti yake haikubadilika. Macho ndiyo yalibadilika, kidogo tu, na akayatupa barabarani. "Nilikuwa nakunywa chai. Sikumalizia."

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Tukasoma pamoja.

*Alhamdulillah.*

"Basi tano," alisema Emiliana.

Nilitaka kumshika mkono. Na nilitaka atoke dukani kwangu asirudi tena. Yote mawili, kwa wakati mmoja. Nikachukua chupa ya mafuta, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa. Akaipokea.

"Utaendelea kumwandikia?" nikauliza.

"Analeta asali, mimi napima. Lazima niulize kama kafika." Akafikiri. "Nitaweka alama ya kuuliza. Hapo itakuwa swali la kazi tu, si mchezo wetu ule."

Akatoka. Nilimtazama mpaka akapinda kona. Hata kutembea kwake hakukuwa na haraka.

*

Alhamisi asubuhi, kabla sijafungua milango yote, Abdulazizi alikuwa amesimama nje. Vumbi la barabara ya Itigi mpaka kwenye kope. Jicho moja limevimba, nyuki.

"Shikamoo," alisema kwa utani.

"Usiniamkie, mimi si bibi yako. Mapipa yako wapi?"

"Nimemwachia mwenzangu. Nilitaka kuona kwa macho."

"Uliambiwa sijafa."

"Niliambiwa."

Nikamletea maji ya kunawa. Alipomaliza nilimkalisha, na nikamwambia yote, kwa sababu sikutaka kuingia katika nyumba ya pili na uongo kwenye sanduku. Kwamba nilisoma. Kwamba nilimwonea wivu mwanamke kwa sababu ya herufi. Kwamba yule mwanamke alikuja na nikampa mafuta.

Alinisikiliza akiwa ameinama.

"Kuhusu Emiliana nilipaswa kukwambia mapema," alisema. "Niliogopa. Nilisema, ataniona mtu wa mkono wa pili."

"Mimi ni mjane, Abdulazizi. Mkono wa pili ni mimi."

Akainua macho. Lile jicho zima na lile lililovimba, yote yakanitazama, na nikasahau kwa muda nilichokuwa nimekasirikia.

"Unamtaka bado?"

"Nilimtaka. Nikakataliwa. Nikajifunza kuongea kama mtu asiye na moyo, na nikawa hodari." Aligeuza kofia mikononi. "Wewe uliponiandikia ile ya kwanza, *Wasalaam, Mwantum*, na nukta yake, nilikaa juu ya kichuguu nikaisoma mara nne. Nilisema, huyu anasimama pale aliposema. Sikutaka kukutania. Nikikwambia nimeliwa na simba, wewe utaamini, utalia."

"Ningelia," nilikubali.

"Basi."

"Lakini nataka na mimi unitanie."

Hakucheka. Alinitazama tu, muda mrefu, mpaka mteja akabisha kwa sarafu juu ya meza.

Jioni nilikwenda Unyambwa. Kaka Haji alikuwa anatawadha kwa ajili ya magharibi. Nikangoja amalize.

"Umemjua?" aliniuliza.

"Nimemjua."

"Kwenye simu?"

"Ndiyo, kaka. Kwenye simu. Waje."

Alinikagua uso, kisha akachukua kanzu yake. "Sawa. Nitawaambia wanawake wapike."

Nilipomaliza kuswali nikakaa kwenye ngazi ya uani, nikawasha simu. Zile herufi kubwa nilikuwa bado sijazirudisha. Nikakitafuta kile kimshale, nikakibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, nikaandika polepole.

*Assalam alaykum, Abdulazizi. Kaka amekubali. Na mimi nimekubali. Mwantum.*

Rahma alipita na sahani akaniangalia, nikaifunika simu kwa kitenge. Kisha ikatetemeka.

*nimeanguka kwenye mzinga nyuki wananicheka*

Niliisoma tena na tena. Hakuna herufi kubwa, hakuna nukta, na furaha yote ya mtu mzima imekaa humo ndani na uso mkavu. Haikuwa simba. Simba alimwacha kule kwa mwenye simba. Huyu alikuwa wangu peke yangu, mzinga na nyuki wake.

Nikaandika *pole*. Kidole kikaenda chenyewe kwenye nukta, kwa mazoea ya darasa la saba. Nikakirudisha, nikaacha mlango wazi, nikatuma.